Nyanya ekari moja, kisima cha mita 60 Dodoma: pampu ya skrubu, ya impela au ya AC?

Hombolo_Nyanya
Habari za kazi wakuu. Shamba ni ekari moja ya nyanya upande wa Hombolo, umwagiliaji wa matone. Bwana shamba amesema nipange lita 20,000 kwa siku. Kisima kimechimbwa mita 60. Karatasi ya upimaji inaonyesha maji yakitulia yako mita 28 chini, na yakivutwa lita 3,000 kwa saa yanashuka hadi mita 36 na kubaki hapo. Simtanki ya lita 10,000 itakaa kwenye mnara, mdomo wake ukiwa mita 6 juu ya ardhi. Kutoka kisimani hadi mnarani ni mita 80.

Nina ofa tatu, paneli zote ni za wati 400:

1. Pampu ya skrubu, wati 500, mwisho lita 1,800 kwa saa, hedi ya mwisho, yaani kimo cha juu inachoweza kupandisha maji, mita 100, paneli 2.
2. Pampu ya impela ya DC, wati 750, mwisho lita 5,000 kwa saa, hedi ya mwisho mita 60, paneli 3.
3. Pampu ya AC ya 1.5 kW na inveta yake, paneli 8.

Nichukue ipi?

Kijana_wa_Sola
Ofa ya 2 iondoe mapema. Kisima ni mita 60, ongeza 6 za mnara, tayari 66, na pampu yenyewe mwisho wake ni 60. Haitafikisha hata tone. Chukua skrubu, inapandisha hadi mita 100 na inaanza kutoa maji jua likiwa bado changa.

FundiMaji_Dom
Kaka, hesabu hiyo inawapotosha wengi. Kina cha kisima hakiingii kwenye hedi, wala kina ambacho pampu imening'inizwa. Ukiizamisha pampu mita 50 na maji yako mita 36, zile mita 14 za maji yaliyo juu yake zinajibeba zenyewe. Pampu inaanza kufanya kazi kuanzia uso wa maji, na uso wa kuhesabu ni ule wa wakati wa kuvuta, si ule wa maji yaliyotulia. Kwa hiyo ni 36 na 6 za mnara, jumla 42.

Kinachobaki ni msuguano wa bomba, na hapa ndipo pesa hupotea kimyakimya. Bomba lote ni kama mita 136: 50 ndani ya kisima, 80 ardhini na 6 za kupanda mnara. Kwa lita 3,600 kwa saa, HDPE ya milimita 50 inakula kama mita 1.1 kwa kila mita 100. Ukiweka ya milimita 32 kwa sababu roli yake ni nafuu, inakula karibu mita 10 kwa kila mita 100, yaani unaongeza kimo cha ghorofa nne ambazo hazipo. Weka ya 50. Pamoja na viwiko na valvu ya kuzuia maji kurudi, andika mita 2. Hedi ni 44.

Nishati ya siku sasa, yaani maji kwa mita za ujazo mara hedi, na 2.725 ni Wh za kuinua mita moja ya ujazo kwa kimo cha mita moja:

```
Wh = m3 × m × 2.725
20 × 44 × 2.725 = 2398 Wh
2398 / 0.45 = 5329 Wh
5329 / (5.5 × 0.8) = 1211 W
```

Hiyo 0.45 ni ufanisi wa pampu na mota yake kwa pamoja. Pampu nyingi ndogo za impela hucheza hapo zikifanya kazi katikati ya uwezo wake. 5.5 ni saa za jua kali kwa siku, na 0.8 ni punguzo la joto la paneli, vumbi na nyaya. Kwa hesabu hii paneli 3 zinaonekana kutosha, ila kisima chako kina neno lake. Nitarudi hapo.

Kitui_Mbuzi
Jamani mbona mnazungumzia pampu za kuzamisha tu? Mimi nina kisima cha kuchimba kwa mkono, maji yako mita 7, mbuzi 60. Pampu ya juu ya ardhi si ni nafuu zaidi na ni rahisi kutengeneza?

FundiMaji_Dom
Ndugu, swali lako ni tofauti na la mwenye mada, lakini nakujibu kwa kifupi. Pampu ya juu ya ardhi huvuta kwa kusaidiwa na uzito wa hewa, na kadiri unavyopanda mwinuko hewa inapungua uzito. Kwenye mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari usitegemee zaidi ya mita 6. Kwa mita 7 itavuta leo, kesho maji yakishuka kidogo itameza hewa. Weka ndogo ya kuzamisha. Mbuzi 60 hawafikishi hata lita 1,000 kwa siku, paneli moja inatosha.

Hombolo_Nyanya
Nashukuru sana. Kwa hiyo ofa ya 2 inafaa? Hedi 44 iko chini ya 60.

Bi_Pampu
Hapana dada, na hapa Kijana_wa_Sola alifika mahali sahihi kwa njia isiyo sahihi. Kwenye kibao cha pampu, "mwisho lita 5,000" na "mwisho mita 60" havitokei wakati mmoja. Lita 5,000 ni pale isipopandisha kitu, na mita 60 ni pale isipotoa maji hata kidogo. Mwombe muuzaji mchoro wa pampu, utafute mita 44 pembeni, usome lita zake. Asiye na mchoro hajui anachokuuzia.

Tatizo la pili ni asubuhi. Pampu ya impela ikizunguka polepole, kimo inachofikisha kinashuka kwa mraba wa mwendo. Yenye mwisho wa mita 60 lazima ifikie asilimia 86 ya mwendo wake kabla maji hayajafika mita 44, na hapo inataka takriban asilimia 63 ya nguvu yake. Yenye mwisho wa mita 85 inaanza kutoa kwenye asilimia 72 ya mwendo, kwa nguvu kama asilimia 37. Zikiwa na wati zilezile na paneli zilezile, moja inakupa maji mapema asubuhi, nyingine inazunguka tu bila kitu kufika kwenye tanki. Mtu akisema "pampu inalia lakini maji hayatoki mpaka saa nne", mara nyingi ugonjwa ni huo.

Kijana_wa_Sola
Sawa, nimekubali kuhusu kina. Lakini basi hoja yangu ya skrubu inapata nguvu, maana skrubu haina tatizo hilo la asubuhi. Ikizunguka nusu ya mwendo inatoa nusu ya maji, kimo kilekile.

Bi_Pampu
Kweli kabisa, na kama angehitaji lita 10,000 ningemwambia achukue hiyo bila kusita. Lakini mwisho wake ni 1,800 kwa saa. Hata ikikimbia saa saba bila kupumzika ni lita 12,600. Kuongeza paneli hakuiongezei kitu, skrubu imeshafika mwisho wa mwendo. Na skrubu inazunguka ndani ya mpira uliobana. Mchanga ukipita, mpira unalika na maji yanapungua taratibu. Tena usifunge koki mbele yake ikiwa inakimbia, itasukuma mpaka kiungo kipasuke.

FundiMaji_Dom
Narudi kwenye kisima. Lita 20,000 kwa saa 5.5 ni kama lita 3,600 kwa saa jua linapokuwa utosini. Kisima kimepimwa kwa 3,000. Ukivuta 3,600 maji yatapita chini ya mita 36 na hujui yatasimama wapi. Dalili yake ni maji kuanza kutoka na viputo au rangi ya udongo kuanzia saa sita, kisha kontrola inazima, inawasha, inazima. Ofa ya 3 ni mbaya zaidi kwa hilo, kwa hedi hii pampu hiyo inaweza kuvuta karibu mara mbili ya uwezo wa kisima. Faida yake ni moja tu, kwamba unaweza kuiunganisha na jenereta.

Dawa ni kuvuta kidogo kwa muda mrefu. Tafuta pampu ya impela ya wati 750 yenye hedi ya mwisho mita 80 hadi 90, funga mwendo wake kwenye kontrola isizidi lita 2,800 kwa saa, kisha ipe paneli 4 badala ya 3. Kwa hedi ya 44, lita 2,800 zinataka wati 750 hivi. Paneli 4 baada ya punguzo zinatoa kama 1,280 jua likiwa kamili, kwa hiyo siku ya anga safi pampu inafika mwendo huo kabla ya saa tatu asubuhi na kuushikilia hadi saa kumi jioni. Ni saa saba na ushee, lita 20,000. Kwa paneli 3 mwendo kamili unadumu saa tano tu.

Angalia volti kabla ya kuunga. Paneli za wati 400 mara nyingi zina volti kama 37 zikiwa hazijabebeshwa mzigo. Nne kwa mfululizo ni 148. Kontrola iliyoandikwa mwisho 150 inaonekana inatosha, lakini asubuhi ya Julai yenye nyuzi 14 volti zinapanda hadi 152 na inaungua kabla hujanywa chai. Chukua inayostahimili 200.

Kijana_wa_Sola
Na mnara wa tanki usiwe kaskazini ya paneli. Katikati ya mwaka jua liko upande huo, kivuli cha mguu mmoja kikilala juu ya paneli moja kinapunguza volti za mfululizo mzima na pampu inaanza kusimama-simama.

Hombolo_Nyanya
Upimaji wa kisima ulifanyika Aprili. Kuna shida?

Bi_Pampu
Ipo. Aprili mvua ndiyo zinaisha, maji yako juu. Wewe utamwagilia zaidi Septemba na Oktoba. Mita 36 inaweza kuwa 39 au 40 wakati huo. Ndiyo maana mimi ningependa paneli 5, na kontrola ya volti zaidi ya 200.

FundiMaji_Dom
Kwenye paneli 5 sikubaliani nawe. Mita 4 za ziada ni asilimia 9 tu ya nishati, paneli 4 zina nafasi hiyo. Wasiwasi wangu ni maji yenyewe. Lita 20,000 kwenye ekari ni milimita 5 kwa siku, na nyanya zilizobeba matunda Oktoba zinaweza kutaka 6 au zaidi. Kisima hakitoi zaidi, hata ungeweka paneli 20. Mzunguko wa kiangazi mimi ningepanda robo tatu ya ekari.

Bi_Pampu
Akiweka matandazo ya majani mistari yote, hahitaji kupunguza eneo. Apime kwanza. Dada, Septemba shusha kamba yenye uzito kisimani asubuhi kabla pampu haijawaka, kisha saa nane ikiwa imekimbia tangu asubuhi, utuwekee namba zote mbili hapa.