Acheni kuandika "dawa bandia" kwenye muhtasari wa jaribio la chanjo!

Kalamu Nyekundu: Wakuu, nimechoka. Makala ndefu ya Kiingereza kuhusu jaribio la chanjo ya korona ya Pfizer la 2020 inafupishwa hivi: "Nusu ya washiriki walipewa dawa bandia. Chanjo inakinga watu 95 kati ya 100." Sentensi mbili, zote zinapotosha.

Kwetu dawa bandia ni ile inayokamatwa madukani. Hawa walidungwa maji ya chumvi, na waliambiwa mapema kwamba huenda wakaangukia kundi hilo. Andika basi: "nusu walidungwa maji ya chumvi yasiyo na dawa." Neno la Kiingereza kama "placebo" likikosa mwenzake kwetu, sema kilichofanyika.

Hiyo 95 ndiyo inayoniudhi zaidi. Kila kundi lilikuwa na watu 18,000 na ushei. Waliougua ni 170: 162 wa maji ya chumvi, 8 wa chanjo. Toa 8 kwenye 162, gawa kwa 162, unapata 95%. Mkiandika "watu 95 kati ya 100", msomaji anaelewa kwamba watano katika kila mia ya waliochanjwa waliugua. Hao wangefika 900, na waliougua ni 8! Mnakata hesabu hizo mbili ili kubana nafasi, halafu mnabakiza nukuu za wakubwa wa kampuni.

Mzee wa Kamusi: Ndugu, istilahi ipo: kipozauongo. Tatizo ni uvivu wa kufungua kamusi.

Kalamu Nyekundu: Mzee wangu, shikamoo. Neno nalijua. Lakini kwenye muhtasari wa maneno 100, msomaji akikutana nalo mara ya kwanza utalazimika kulieleza, na maelezo yenyewe ni hayohayo maji ya chumvi. Tena "uongo" umo ndani yake. Kwenye kitabu cha chuo, sawa.

Mama Wawili: Mimi nilichanjwa na bado nikaugua, kwa hiyo hiyo 95 ni uongo tu.

Bi Tafsiri: Pole, dada. Jaribio lilihesabu wagonjwa wa miezi michache, kabla virusi havijabadilika sana. Ndiyo maana Kiingereza kina maneno mawili: moja la matokeo ya jaribio, jingine la chanjo ikishaingia mitaani. Sisi yote tunayaita "ufanisi". Mimi huandika "katika jaribio" mwanzoni kabisa mwa sentensi: "Katika jaribio, waliochanjwa walipata wagonjwa 8, wasiochanjwa 162."

Kalamu Nyekundu: Nakubali, ila "wasiochanjwa" badilisha. Nao walidungwa sindano, hawakujua ya nini.

Bi Tafsiri: Kweli, hapo nimekosea. Ila kichwa cha habari chenye maneno sita, "katika jaribio" utaliweka wapi?

Mzee wa Kamusi: Ndiyo maana nasema tuunde neno la pili.