Naomba ushauri: aya na methali katika barua kwa mdogo wangu

Habari zenu ndugu zangu. Niko Tanga, Ngamiani. Mdogo wangu aliuza nazi za shamba la marehemu baba kule Pangani na hakutugawia. Simu zangu hapokei, nimeamua kumwandikia barua.

Rasimu ya kwanza nilianza hivi: "Biblia inasema fedha ni shina la mabaya yote." Kabla ya kuifunga nikafungua 1 Timotheo 6:10, nikakuta: "Maana shina moja la mabaya ya kila namna ni kupenda fedha." Ni kupenda, si fedha zenyewe. Nikaona pia kwamba hata nikiinukuu sawasawa, ni sawa na kumwambia kuwa ana tamaa, na mimi sijui alikuwa na shida gani. Nimeifuta.

Sasa nafikiria methali: "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune." Inanigusa kwa sababu ya shamba. Ila kwa kawaida huambiwa mtu wa nje asijiingize kati ya ndugu, nami ndiye mgombanaji. Nimeandika hivi: "Mdogo wangu, mjomba kila akiniuliza habari zako najibu tu kwamba tuko salama. Wengine washachukua majembe. Mimi natamani tufike kwenye kapu." Methali nzima sikuiandika, anaijua toka utotoni.

Je, inaeleweka hivyo, au niiandike yote? Na ile aya, ingekuwa ninyi mngeirudisha?