Mdahalo wa wagombea wa wadi: kila mtu apate dakika sawa, tufanyeje?

Binti wa Kisauni
Hamjambo wenzangu. Hapa mtaani tunataka kuwakutanisha wagombea wa uwakilishi wadi kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027. Huenda wakawa saba. 2022 tulijaribu tukaaibika. Mheshimiwa aliyekuwa kitini alishika maiki kama dakika ishirini na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Mama mmoja mgombea huru aliingia mwisho, watu wakikunja viti. Akaniambia, "Mwanangu, kumbe mliniita nije nitazame." Bado linaniuma. Dakika tuzigawe vipi, na wafuasi tuwatulize vipi?

Kaka Mkubwa 001
Kwanza leseni ya polisi. Bila leseni mtatawanywa. Na mtafute mgombea mwenye uwezo alipie ukumbi na soda, mambo yaende.

Mwalimu Mstaafu
Kaka, kuhusu polisi umekaribia. Si leseni, ni taarifa: sheria ya mikutano ya hadhara inataka barua imfikie mkuu wa kituo siku zisizopungua tatu na zisizozidi kumi na nne kabla ya mkutano. Baki na nakala iliyopigwa muhuri. Ila la mgombea kulipia ukumbi, hapana. Akilipa soda, ukumbi ni wake hata mkiweka mwendeshaji malaika.

Binti, nimeendesha midahalo kadhaa ya wadi. Wakiwa saba, andaa maswali saba, matatu yenu na manne ya wananchi. Kila swali lijibiwe na wote, dakika moja moja. Wachote karatasi za namba mlangoni mbele ya mawakala wao. Swali la kwanza aanze namba moja, la pili aanze namba mbili, hivyo hivyo. Mwishowe kila mmoja ametangulia mara moja na kufunga mara moja. Ongeza dakika mbili za kujitambulisha na moja ya kuaga: kila mtu ana dakika kumi kamili. Kuongea ni dakika sabini. Ukihesabu kusoma maswali na kupokezana maiki, tenga saa mbili. Anzeni saa nane mchana, kwani 2022 IEBC iliruhusu kampeni hadi saa kumi na mbili jioni tu.

Mshika saa aketi safu ya mbele, si pembeni. Kadi ya manjano zikibaki sekunde kumi na tano, nyekundu muda ukiisha. Na aliye kwenye mitambo azime maiki akiona nyekundu, asingoje ishara ya mwendeshaji. Mheshimiwa wenu hakukatizwa kwa sababu kazi hiyo aliachiwa mtu mmoja anayemwogopa. Kwa hiyo mwendeshaji mtoe wadi nyingine.

Mpwani Halisi
Na mmoja akimtaja mwenzake kwa ubaya?

Mwalimu Mstaafu
Aliyetajwa anajibu sekunde thelathini, na zinakatwa kwenye dakika ya kuaga ya aliyemtaja. Likisomwa mwanzoni, wengi hujizuia.

Mama Salma
Kwetu Likoni tuliwapa wananchi maiki. Kijana wa kwanza hakuuliza, alihutubia. Wa pili akamjibu yeye badala ya mgombea. Ikawa vurugu, viti vikavunjika. Nasi tulikuwa tunachagua viongozi wa chama cha akina mama tu!

Mwalimu Mstaafu
Pole dada, kosa ni lile lile. Maswali yaandikwe kwenye vikaratasi. Watu watatu wasio na mgombea wayapange, yanayofanana yawe moja, na lolote linalomlenga mgombea mmoja liandikwe upya liwahusu wote. "Kwa nini uliacha mtaro wa sokoni?" liwe "Mtaro wa sokoni utaushughulikiaje mwaka wa kwanza?" Asiyejua kuandika asaidiwe pale pale. Masharti ya ukumbini yawe machache: hakuna fulana wala nyimbo za chama, makofi ni mwisho tu, anayepiga kelele anaonywa mara moja kisha anatoka.

Mpwani Halisi
Asiyefika je? Mimi ningeweka kiti chake kitupu chenye jina. 2022 Raila hakuja mdahalo wa urais, Ruto akasimama peke yake na nchi nzima ikaona.

Mwalimu Mstaafu
Kiti kitupu mimi sikipendi. Wafuasi wake watasema mmempigia kampeni mpinzani. Mwendeshaji aseme mara moja tu kwamba alialikwa kwa barua hakufika, basi. Akichelewa, aingie kwenye swali linalofuata, yaliyopita asirudishiwe.

Mpwani Halisi
Mwalimu, hapo hatukubaliani. Wananchi wana haki ya kuona nani amewakimbia.

Binti wa Kisauni
Asanteni sana. Hilo la kiti nitalipeleka kwa kamati, najua watagawanyika. Ila namba tutachota mlangoni, na yule mama nitampelekea barua kwa mkono wangu. Mwalimu, swali moja: mitambo tunayokodisha hapa ni ya binamu wa mgombea mmoja, na mtaani hakuna mingine. Aketi nani karibu na swichi?