IELTS ya karatasi au ya kompyuta: wapi makosa ya tahajia, wingi na namba yanakula alama kidogo?

Bakari_Tanga:
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa watu waliofanya. Nahitaji 7 kwenye sehemu ya kusikiliza ya IELTS, huu mtihani wa Kiingereza. Juzi nimefanya jaribio la nyumbani la karatasi. Kusikia nilisikia vizuri, mwenzangu alipopitia kijitabu changu cha maswali akahesabu majibu 34 kati ya 40. Lakini kwenye karatasi ya majibu, baada ya kuhamisha, nimepata 28. Sita zimeyeyuka njiani! Sasa kituo kinaniuliza nachagua karatasi au kompyuta. Wapi nitapoteza kidogo?

Kisu_Kikali:
Kompyuta, usifikirie mara mbili. Mwandiko mbaya haupo, kuhamisha hakupo. Ukienda karatasi lazima uandike herufi kubwa tupu, na tahajia ya Kimarekani wanaikata. Mimi nimekwambia.

Mwalimu_wa_Jioni:
Kisu, nusu umepatia. Herufi kubwa si lazima, zinaruhusiwa tu. Ni nzuri kwa sababu moja: huhitaji kuwaza kama jina la siku au la mtaa linaanza na herufi kubwa. Na tahajia zote mbili, ya Kiingereza na ya Kimarekani, zinakubalika. "Centre" na "center" zote sawa.

Bakari, kabla sijakwambia uchague ipi, tuwekee hizo sita hapa. Bila kuziona tutakuwa tunapiga ramli.

Bakari_Tanga:
Sawa Mwalimu, hizi hapa. Swali la 4 niliandika "photo", jibu "photos". La 9 "accomodation", m moja imeliwa. La 17 niliandika 50, jibu ni 15. La 22 "Wensday". La 28 niliandika "a wooden bridge" na maelekezo yalisema yasizidi maneno mawili. La 36 "method", jibu "methods".

Kinachoniuma ni la 17. Kwenye kijitabu nimeandika zote mbili, 50 na 15!

Mwalimu_wa_Jioni:
Asante, sasa tunaongea. Anza na hilo la 17. Msemaji alitaja namba kisha akajirekebisha, mtego wa kawaida kabisa. Wewe ulisikia marekebisho, ukaandika 15 pembeni, lakini 50 hukuikata. Dakika ishirini baadaye unahamisha, jicho linaokota namba ya kwanza linayoiona. Dawa yake kwenye karatasi ni kukata palepale, mstari mmoja mzito. Kwenye kompyuta kosa hili linapungua kwa sababu unafuta na kuandika juu yake. Hakuna namba mbili za kuchagua.

La 4 na la 36 ndiyo ugonjwa wetu sisi. Kiswahili wingi wake uko mbele ya neno: kitabu, vitabu. Sikio letu linasikiliza mwanzo wa neno, s ya mwisho inapita kama upepo. Lakini fungua kijitabu chako uangalie kabla ya pengo la swali la 4. Nadhani kuna "two" au kitu cha namna hiyo.

Bakari_Tanga:
Kuna "two" kweli! Na la 36 baada ya pengo kuna "are". Daah.

Mwalimu_wa_Jioni:
Ndiyo tofauti kubwa ya hizi njia mbili, na watu hawaisemi. Karatasi ya majibu ina namba na mistari mitupu. Sentensi imebaki kwenye kijitabu. Ukihamisha neno peke yake, hakuna kinachokukumbusha s. Kwenye kompyuta neno liko ndani ya sentensi yake, "two" inakutazama usoni.

Upande wa pili, karatasi inakupa dakika 10 za kuhamisha baada ya sauti kuisha. Kompyuta inakupa dakika 2 za kukagua, basi. Na hakuna mstari mwekundu wa kukuonyesha tahajia mbaya kama ulivyozoea kwenye simu. "Accomodation" yako ingepita vilevile.

Mama_Nadia_Maskati:
Mwanangu Bakari, mimi nilikosa swali jepesi kuliko yote. Mama mmoja kwenye rekodi alisema basi linaondoka "half past seven". Mimi nikaandika haraka kwenye kijitabu kwa Kiswahili, "saa 1 na nusu". Wakati wa kuhamisha nikaweka 1:30. Miaka yote niko huku na bado saa yangu ni ya Unguja. Usiandike kumbukumbu kwa Kiswahili, hasa saa.

Kisu_Kikali:
Hahaha, mama umeniua. Lakini si unaona, kompyuta ingemwokoa.

Mwalimu_wa_Jioni:
Ingemwokoa kama angeandika moja kwa moja kwenye pengo. Wapo wanaoandika kwanza kwenye karatasi ya rafu hata kwenye kompyuta, halafu wanachapa baadaye. Hao wamejirudishia kuhamisha, na dakika 10 hawana.

Dogo_Kakamega:
Sasa wadau, mimi nauliza hizo dakika kumi za kuhamisha. Majuzi nikijaribu ile ya kusoma nilingoja nipewe, muda ukaisha nikiwa na majibu kumi na mbili hayajaandikwa. Ni haki kweli?

Mwalimu_wa_Jioni:
Dogo, hapa tunazungumzia kusikiliza. Kusoma ni dakika 60 zote pamoja, hakuna nyongeza ya kuhamisha. Andika kwenye karatasi ya majibu tangu swali la kwanza.

Bakari, ukibaki na karatasi, mimi nafanya hivi na wanafunzi wangu. Dakika 6 kuhamisha, kidole cha kushoto kwenye namba ya swali kijitabuni. Swali ulilokosa, andika chochote unachodhani, kwa sababu kosa halipunguzi alama. Ukiruka mstari bila kuangalia, majibu yote yanayofuata yanashuka hatua moja. Dakika 4 zilizobaki, rudia kijitabu na usome kila sentensi ukiwa umeingiza jibu lako. Ukisoma "two photo" masikio yenyewe yatakataa. Hapo hapo hesabu maneno. "A" ni neno, ndiyo iliyokuua swali la 28. "Wooden bridge" ingetosha.

Ukienda kompyuta, usitegemee zile dakika 2. Tumia ile nusu dakika ya kukagua mwisho wa kila sehemu.

Kisu_Kikali:
Na alama ya pauni? Kama imeshachapwa kabla ya pengo, ukiirudia wanakata?

Mwalimu_wa_Jioni:
Nimesikia watu wakibishana pande zote mbili. Mimi nawaambia wasiirudie, andika namba tu.

Mama_Nadia_Maskati:
Mimi niliirudia nikapata alama niliyoitaka. Sijui kama swali hilo walinipa au la.

Bakari_Tanga:
Nimehesabu upya. Kompyuta ingeniokolea la 4, la 36 na labda la 17. Hapo ni 31, na kwa kawaida 30 ndiyo inatoa 7. La 9 na la 22 zinanifuata popote niendako, hizo ni za kukaa chini na daftari. Tatizo langu ni kuchapa, natumia vidole viwili.

Dogo_Kakamega:
Viwili vinatosha bro. Majibu ni neno moja moja, si insha.

Mwalimu_wa_Jioni:
Kwenye kusikiliza vinatosha. Ila ukichagua kompyuta, kwa kawaida na insha utaichapa hukohuko. Jipime: maneno 250 kwa dakika 40, leo jioni, kabla hujalipia.