Fimbo au reli: dirisha la mita 3.6 na pazia la mahameli

Dirishani
Wadau, dirisha langu lina upana wa mita 3.6. Pazia ni mahameli yenye bitana, vipande viwili, linashuka mita 2.5. Moyo wangu uko kwenye fimbo ya chuma yenye pete, fundi anataka reli. Na braketi ziachane kiasi gani?

BombaNene
Chukua bomba la milimita 28, braketi mbili za pembeni zinatosha. Unene ndio kila kitu.

Keekee
Unene unasaidia, mkuu, ila pengo kati ya braketi ndilo linaloumiza. Kwa uzito uleule kila mita, ukiongeza pengo mara mbili, fimbo hupinda mara 16 zaidi.

Tuupime mzigo wenyewe. Ili mikunjo ijae, kitambaa kiwe mara mbili ya dirisha: mita 7.2 kwa 2.5 ni mita 18 za mraba. Mahameli na bitana nakadiria gramu 550 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo ni karibu kilo 10.

Fimbo ikipita dirisha sentimita 20 kila upande, ni mita 4. Kwa mzigo huo sivuki mita 1 kati ya braketi, hivyo zinahitajika tano. Hapo ndipo shida inapoanza: pete haivuki braketi. Ile ya katikati haina neno, vipande vinakutana hapo. Lakini zile mbili za kwenye robo zitazuia pazia nusu ya safari. Reli hushikwa kwa juu, vigurudumu vinapita chini bila kugusa. Naifunga kila sentimita 50, takriban braketi tisa.

MamaShona
Kwangu fimbo haikupinda hata kidogo, braketi ya pembeni ndiyo iling'oka na plasta yake. Nilidhani nimeziachanisha mno.

Keekee
Hapana, mama. Pazia likifunguliwa, uzito wote hukusanyika pembeni, kilo 5 kila upande. Bila shaka skrubu iliishia kwenye plasta. Inatakiwa ipite plasta, plagi ikae ndani ya tofali au linta. Dalili ya mapema ni unga mweupe chini ya braketi, au sahani yake kuachana na ukuta kwa juu.

Dirishani
Nikibaki na fimbo na braketi tatu tu?

Keekee
Mapengo yatakuwa karibu mita 2. Kwa mahameli hiyo siwezi kukufungia.

BombaNene
Yangu ina pengo la mita 1.8 na haijapinda. Ila kitambaa changu ni pamba, hakina bitana.

MamaShona
Kuna pete zilizo wazi upande wa nyuma, zinavuka braketi.

Keekee
Zipo, lazima ziendane na braketi zake. Ukivuta pazia kwa pembe, zinanasa au zinachomoka. Wapo wanaozizoea.

Dirishani
Naomba kwanza nipime kina cha plasta juu ya dirisha. Nikiamua nitarudi.