Mkufunzi, "alama si sahihi, rudia" ndiyo mrejesho gani?

Wakuu, nina hasira na naomba mnisome mpaka mwisho. Asaimenti ya ekonometria, mwaka wa tatu: pima mahitaji ya bidhaa moja, uonyeshe kwamba bei ikipanda watu hununua kidogo. Wenzangu wamechukua data ya kitabu. Mimi nimeomba daftari la mnada kwenye diko moja la samaki Unguja, kilo na bei za kila siku, nikaziingiza zote kwa mkono.

Bei ikaja chanya. Siku ambayo bei iko juu kwa asilimia 10, kilo zilizouzwa nazo ziko juu kwa kama asilimia 4, na p iko chini ya 0.01. Nikamwandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Koefishenti ya bei katika kazi yangu ni chanya wakati nadharia inadai iwe hasi. Nimehakiki data dhidi ya daftari, sijaona kosa la kuingiza. Naomba unielekeze: tatizo liko kwenye modeli, kwenye data, au kuna kitu sijakielewa kuhusu soko lenyewe? Nimeambatanisha faili. Ahsante."

Jibu: "Alama si sahihi. Rudia."

Nirudie nini? Wenzangu wanaijua dawa: unafuta siku "mbaya" moja moja mpaka alama igeuke, unakusanya maksi. Ina maana aliyedanganya kafaulu, na aliyeuliza anaambiwa arudie!

Bingwa wa Kozi: Hiyo ni multikolineariti, dogo. Alama zikigeuka ujue vigezo vyako vinafanana.

Mleta uzi: Kigezo ni kimoja tu, bei. Kifanane na nani?

Mama Nasra: Poleni wanangu. Hata binti yangu matokeo yake hayajatoka mpaka leo, na ada tumelipa yote.

Daftari Chafu: Mleta uzi, data yako haijakosea. Kila mstari wa daftari ni mahali ambapo wanunuzi na wavuvi wamekutana siku hiyo, kwa hiyo ndani yake mna mahitaji na ugavi kwa pamoja. Kuelekea sikukuu wanunuzi hujaa, bei hupanda, na wavuvi wakijua hivyo hutoka wengi. Bei juu, kilo juu. Wewe umeita hiyo "mahitaji", kumbe ni watu wa pwani wakijiandaa na Idi. Mmarekani Henry Moore alipima chuma ghafi mwaka 1914 akapata mahitaji yanayopanda na bei, akayachapisha. Philip Wright ndiye aliyeonyesha mwaka 1928 pa kutokea: tafuta kitu kinachousukuma ugavi peke yake bila kumgusa mnunuzi. Kwako kipo, ni upepo. Kusi ikikaza vyombo havitoki, lakini hamu ya mchuzi iko palepale.

```
ivregress 2sls lnkilo ijumaa sikukuu (lnbei = upepo), first
estat firststage
```

Angalia F ya hatua ya kwanza. Ikiwa chini ya 10, upepo wako hauisogezi bei vya kutosha na jibu utakalopata usiliamini.

Bingwa wa Kozi: Si ndiyo nilivyosema, aongeze vigezo.

Daftari Chafu: Hapana. Ukiongeza Ijumaa na sikukuu unapunguza tatizo, huliondoi. Ziko siku wanunuzi wamejaa kwa sababu ambazo hakuna aliyeziandika.

Mtoto wa Diko: Mimi sijasoma hayo ila nimekulia mnadani. Bahari ikitulia tunafika mbali, tunaleta changu na nguru wakubwa, na kilo yao ni ghali. Kukiwa na upepo tunavua karibu, vidagaa na samaki wadogo, bei rahisi. Kijana kachanganya samaki wote?

Mleta uzi: Nimechanganya wote, kaka. Bei yangu ni wastani wa mnada mzima.

Daftari Chafu: Basi hapo kuna jambo ambalo mimi sikuliona. Kama upepo unabadilisha aina ya samaki, haugusi wingi peke yake, na hata dawa yangu inaharibika. Tenganisha aina moja kwanza.

Mleta uzi: Nimejaribu changu peke yake, rigresheni ya kawaida bila upepo. Koefishenti imeshuka hadi karibu na sifuri, bado si hasi. Mistari miwili kama hii ingemgharimu nini mwalimu wangu kuiandika?

Mwalimu wa Semina: Nami nasahihisha. Barua ni nyingi na nyingi hazina hata faili. Ila yako ilistahili jibu, hilo silipingi. Peleka za changu na za mchanganyiko pamoja, usifiche ile chanya.

Daftari Chafu: Daftari limeandika idadi ya vyombo vilivyotoka kila siku?

Mleta uzi: Limeandika, ila kuanzia Februari tu.