Apu za kuhesabu siku kwa sisi wenye mzunguko unaorukaruka, ipi afadhali?

Dada_Ipogolo: Kamwene wadau. Natafuta mimba, siku zangu hazieleweki, mizunguko minne ya mwisho imeenda 27, 41, 33, 38. Nina apu mbili za bure, moja inasema yai linatoka tarehe 9 nyingine tarehe 13. Niamini ipi? Au nihamie ya joto, au vipimo vya mkojo?

Mtani_Mwanjelwa: Si yai linatoka siku ya 14 kwa kila mwanamke? Ndo tulivyofundishwa, apu ya nini sasa

NesiMstaafu: Kaka hiyo 14 inahesabiwa kurudi nyuma kutoka damu inayofuata, siyo kwenda mbele. Dada, zote mbili zinabahatisha. Zinapiga wastani wa mizunguko iliyopita halafu zinatoa kama 14. Wako ni kama 35, kwahiyo zitakwambia siku ya 21 au karibu na hapo. Ila kwenye ule wa 27 yai lilitoka siku ya 13 hivi, na ule wa 41 siku ya 27. Yani ukifuata 21, mara moja umechelewa wiki nzima, mara nyingine umewahi karibu wiki. Kinachoyumba ni kabla ya yai kutoka, baada ya hapo mpaka damu huwa hapachezi sana.

MamaMapacha_Mafinga: Mi nilijaribu ya joto jamani, kipimajoto cha desimali mbili chini ya ulimi kabla hata hujainuka kitandani, sasa nanyonyesha wawili usiku naamka mara kibao, grafu ikawa kama milima ya Livingstone 😂

NesiMstaafu: Ndo hivyo, usingizi ukikatika joto linadanganya. Na hata likipanda vizuri, tuseme 36.3 kwenda 36.6 na kubaki huko juu siku tatu, linakwambia yai limeshatoka. Zuri kwa kuhakikisha, siyo kwa kutabiri. Natural Cycles inatumia njia hiyo, FDA ya Marekani iliiruhusu 2018 kama uzazi wa mpango, lakini mzunguko ukiyumba inakujazia siku nyekundu za tahadhari tu.

Dada_Ipogolo: Kwahiyo mkojo?

NesiMstaafu: Kwako afadhali huo, kwa sababu unapima kinachotokea leo. Mstari wa kipimo ukikolea kama ule mwingine au zaidi, yai linatoka ndani ya siku moja au moja na nusu. Shida itabidi uanze mapema, siku ya 10 hivi, na mwezi mrefu utamaliza vijiti vingi. Usipuuze ute wa ukeni pia, ukiwa unavutika kama ute wa yai bichi hizo ndo siku zenyewe, na ni bure. Mbegu zinakaa hadi siku tano, kwahiyo kukutana kila baada ya siku mbili kunatosha.

Ntokela_1: Mi vijiti vinakolea mara tatu mwezi mmoja, daktari alisema nina vifuko kwenye ovari

NesiMstaafu: Ndio, homoni inayopimwa na vijiti ikiwa juu muda wote, navyo vinakosea. Hapo pima projesteroni ya damu. Na Dada, 38 na 41 zikiendelea, kaangalie tezi la shingo na ovari kabla hujanunua chochote.

Dada_Ipogolo: Vijiti Iringa mjini mnapata wapi?